Siku 21 Zinaanza Lini? Kuielewa taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS

Kila msimu wa mikutano mikuu unapokaribia, swali moja hurudi katika SACCOS za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Makambako hadi Tukuyu: je, mkutano huu umeitishwa kihalali? Mwanachama mmoja anasema tangazo aliliona likiwa limebaki wiki mbili tu, mwenzake anasema alilipata mapema kwenye kundi la WhatsApp, na katibu anatoa barua yenye tarehe inayowapinga wote wawili. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anaanza kuhesabu siku mahali pake.

Mkanganyiko wenyewe unaanzia kwenye neno. Katika Kiswahili cha ofisini, "taarifa" hubeba mizigo miwili. Kuna taarifa ya fedha, taarifa ya bodi na taarifa ya mkaguzi, ambazo ni ripoti za mambo yaliyokwisha kufanyika. Halafu kuna taarifa ya mkutano, ambayo ni wito rasmi wa maandishi unaomjulisha mwanachama kwamba mkutano utafanyika, lini, wapi, na kwa shughuli gani. Makala haya yanahusu hiyo ya pili. Nimewahi kumsikia mjumbe wa bodi akijitetea kwamba "taarifa ilitolewa" huku akimaanisha kitabu cha hesabu kilichogawiwa mlangoni asubuhi ya mkutano, na aliyekuwa akimuuliza alimaanisha wito ambao hakuwahi kuupata. Walibishana karibu nusu saa kabla hawajagundua kwamba wanazungumzia karatasi mbili tofauti.

Maneno mengine matatu yanafaa kuwekwa sawa tangu mwanzo. Ajenda ni orodha ya shughuli zitakazojadiliwa na kuamuliwa. Kabrasha ni rundo la nyaraka zinazoziunga mkono shughuli hizo: muhtasari wa mkutano uliopita, hesabu zilizokaguliwa, makisio ya mapato na matumizi, na rasimu za marekebisho kama yapo. Akidi ni idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uweze kuamua jambo. Taarifa ya mkutano hubeba ajenda ndani yake na huelekeza kabrasha linapopatikana. Akidi ni jambo la siku yenyewe ya mkutano, na kutimia kwake hakuponyi kasoro ya taarifa, ingawa watu wengi hudhani hivyo.

Taarifa hiyo inamlinda nani

SACCOS nchini Tanzania zinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 pamoja na kanuni zake, na kwa upande wa huduma za fedha zinaguswa pia na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo imeziweka katika daraja la tatu, juu ya vikundi vya kijamii kama VICOBA. Chini ya sheria hizo kila chama kina masharti yake, yaliyopitishwa na wanachama na kusajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Humo kwenye masharti ndimo mwanachama anapopaswa kutazama kwanza, kwa kuwa ndimo inapotajwa idadi ya siku za taarifa ya chama chake, njia ya kuifikisha, na shughuli za lazima za mkutano mkuu wa mwaka. Kijitabu hicho hutolewa ofisini kwa anayekiomba, na anayebishana kuhusu siku bila kukifungua anapoteza muda wake na wa wenzake.

Mkutano mkuu ndicho chombo cha juu kabisa cha maamuzi katika chama cha ushirika, na ndani yake kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au mia tano. Maamuzi yake humfunga hata mwanachama ambaye hakuhudhuria. Sheria na masharti yanapodai taarifa ya mapema yenye ajenda, kwa hiyo, hayamfikirii sana aliyekaa ukumbini, ambaye macho na masikio yake yapo pale pale. Yanamfikiria aliyeko nyumbani, ambaye anapima kama aache kupalilia viazi vyake siku hiyo apande gari aende, au abaki na kuwaachia wenzake waamue kwa niaba yake.

Fikiria kikao cha ukoo. Ujumbe ukikufikia Mafinga kwamba "Jumamosi njoo nyumbani tuongee," unaweza kutuma salamu na udhuru, na hakuna atakayekulaumu. Ujumbe ukisema "Jumamosi tunagawa shamba la babu la kule bondeni," utakwenda hata kwa kukopa nauli. Waliokuita kwa ujumbe wa kwanza kisha wakagawa shamba hawawezi kukuambia baadaye kwamba uliitwa ukakataa kuja. Uliitwa kwenye maongezi. Kwenye mgawanyo hukuitwa. Hoja hiyo ndiyo inayoyaongoza karibu masuala yote yanayofuata.

Kuhesabu siku: mfano wa tarehe

Tuchukue chama cha mfano chenye ofisi Uyole, jijini Mbeya, na matawi mawili, moja Igurusi na jingine Tukuyu. Masharti yake yanasema kwamba taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka itatolewa kwa wanachama wote kwa maandishi "si chini ya siku 21 kabla ya siku ya mkutano". Bodi imepanga mkutano ufanyike Jumamosi, tarehe 28 Machi 2026. Siku ya mwisho ya kuitoa taarifa ni ipi?

Katibu alitoa 21 kwenye 28, akapata 7, akaamua kwamba taarifa ikitoka Jumamosi ya tarehe 7 Machi itakuwa imewahi. Hesabu hiyo ni rahisi na imewaponza wengi. Maneno "si chini ya" yanadai siku 21 kamili kati ya matukio mawili, yaani siku ya kutolewa kwa taarifa na siku ya mkutano, na siku hizo mbili zenyewe hazihesabiwi. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inatumia njia hiyo hiyo inapokutana na maneno ya aina hii katika sheria, na ni busara kuyasoma masharti ya chama kwa jicho hilo hilo. Taarifa ikitolewa tarehe 7, siku ya kwanza inayohesabiwa ni tarehe 8 na ya mwisho ni tarehe 27. Hizo ni siku 20. Chama kimepungukiwa na siku moja. Taarifa ilipaswa kutoka Ijumaa ya tarehe 6 Machi au kabla yake, ili tarehe 7 hadi 27 zikamilishe siku 21.

Siku moja inaweza kuonekana ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini kifungu kikisema si chini ya 21, basi 20 ni chini ya 21. Asiyeridhishwa na uamuzi wa mkutano atatafuta kasoro iliyo rahisi kuthibitishwa, na hakuna kasoro iliyo rahisi kuthibitishwa kama kalenda ya ukutani. Ndiyo maana nashauri bodi zijiongezee siku tatu au nne badala ya kucheza ukingoni. Tena siku hizi huhesabiwa mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwamo, isipokuwa pale masharti yenyewe yanapotaja siku za kazi.

Tatizo la pili la chama chetu cha mfano ni gumu zaidi. Barua ya taarifa ilichapwa ikiwa na tarehe 5 Machi juu yake, kwa kuwa ndiyo siku mwenyekiti alipotia saini. Ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya Uyole tarehe 7. Nakala za tawi la Igurusi zilipelekwa na mhasibu aliyekuwa na safari ya huko Jumatatu ya tarehe 9, na ndiyo siku wanachama wa tawi hilo walipoanza kuzipata. Ukihesabu kutoka tarehe iliyochapwa, kuna siku 22 kamili na kila mtu anatabasamu. Ukihesabu kutoka ubaoni, ni 20. Ukihesabu kutoka Igurusi, ni 18.

Ipi ndiyo hesabu sahihi? Tarehe iliyo juu ya barua haiwezi kuwa jibu, kwa maana barua iliyotiwa saini na kukaa mezani haijamjulisha mtu yeyote. Jibu linategemea njia ambayo masharti yameitaja. Masharti yakisema taarifa itabandikwa katika ofisi ya chama na katika matawi, taarifa haijakamilika mpaka tawi la mwisho limebandikiwa. Yakisema itapelekwa kwa kila mwanachama kwa barua, kwa mkono au kwa ujumbe wa simu, basi siku ya kumfikia kwa njia hiyo ndiyo siku ya kuanzia, na kubandika ubaoni ni nyongeza tu. Katika mfano wetu, kwa vyovyote vile mkutano wa tarehe 28 ulikuwa na taarifa pungufu.

Bodi ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea na mkutano na kuomba kusiwe na mlalamikaji, njia ambayo siipendekezi lakini naiona ikifuatwa kila mwaka. Ya pili ni kuahirisha kwa kutoa taarifa mpya yenye tarehe mpya. Jumamosi iliyofuata, tarehe 4 Aprili, iliangukia mkesha wa Pasaka, na nani angekuja? Wakachagua Jumamosi ya tarehe 11 Aprili. Kwa mkutano wa tarehe hiyo, siku ya mwisho ya kuwafikishia wanachama taarifa mpya ilikuwa Ijumaa ya tarehe 20 Machi. Wao waliifikisha kwenye matawi yote Jumatatu ya tarehe 16, wakabaki na siku 25 kamili. Taarifa ya zamani haikusahihishwa kwa kalamu, kwa sababu karatasi iliyokatwa tarehe moja ikaandikwa nyingine huzua maswali mengi kuliko inayojibu. Iliondolewa, na mpya ikasema wazi kwamba inafuta ile ya awali.

Ushahidi kwamba taarifa ilifika

Kuhesabu vizuri hakutoshi ikiwa huwezi kuonyesha kwamba taarifa ilifika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Usimamizi katika SACCOS moja ya hapa Mbeya, na mwanachama mmoja alilalamika kwamba tangazo halikubandikwa kabisa. Katibu aliapa kwamba alilibandika kwa mkono wake. Tulipokwenda kuutazama ubao uliokuwa nje chini ya bati fupi, tulikuta misumari minne na pembe moja ya karatasi iliyolowa, wino wake wa bluu umetiririka mpaka kwenye tangazo la chanjo ya mifugo lililokuwa chini yake. Mvua ya Machi ilikuwa imelichukua. Tangazo lilibandikwa kweli, lakini hatukuwa na chochote cha kuonyesha ni siku gani wala lilidumu siku ngapi.

Baada ya hapo tulianza kutumia daftari la usambazaji. Kila mwanachama aliyechukua nakala alitia saini na tarehe mbele ya jina lake. Kwa waliotumiwa ujumbe wa simu, katibu aliandika namba, tarehe na saa. Kwa kila ubao, mjumbe wa tawi aliandika siku aliyobandika na siku aliyokagua kama bado lipo. Si kazi kubwa. Daftari la kurasa 96 linatosha miaka kadhaa kwa chama cha ukubwa wa kawaida, na mabishano ya "sikupata" huisha katika dakika tano.

Kuhusu WhatsApp, watu wamegawanyika, wengine wakisema haihesabiki kabisa na wengine wakisema ndiyo taarifa yenyewe siku hizi. Kinachoamua ni masharti. Kama yameruhusu taarifa kwa njia ya kielektroniki, ujumbe wenye taarifa kamili, ikiwa na ajenda yake, ni taarifa. Kama hayakuruhusu, ujumbe huo ni ukumbusho mzuri tu. Hata pale yaliporuhusu, kundi lenye wanachama 140 wa chama chenye wanachama 300 limewafikia 140, na waliobaki wanahitaji njia nyingine. Mama mwenye simu ya kitochi kule Igurusi ana kura sawa na mwalimu mwenye simu kubwa mjini.

Mwenye deni naye lazima apewe taarifa. Nimesikia viongozi wakisema kwamba wenye mikopo iliyochelewa "wamejiondoa wenyewe". Mwanachama hubaki mwanachama mpaka uanachama wake ukome kwa utaratibu uliowekwa, na orodha ya wa kupelekewa taarifa ni rejista ya wanachama, si orodha ya wanaolipa vizuri. Kama masharti yanamzuia mwenye deni sugu kugombea uongozi, hilo ni suala lingine na halimnyimi wito. Upande wa pili, mwanachama mmoja akikosa kupata nakala kwa bahati mbaya, kwa mfano kwa kubadili namba ya simu bila kuijulisha ofisi, si lazima mkutano mzima uanguke. Masharti yanaweza kuwa na kifungu kinacholiokoa jambo hilo. Kuruka tawi zima, au kuruka kundi la watu wanaojulikana kuipinga bodi, hakuitwi bahati mbaya.

Kilichomo ndani ya taarifa

Sehemu ya kwanza ya taarifa ni nyepesi: jina kamili la chama na namba yake ya usajili, aina ya mkutano, siku, tarehe, saa, na mahali panapotajwa kwa namna ambayo mgeni anaweza kupafikia. "Ukumbini" hapatoshi kwa chama chenye wanachama wa matawi matatu. Mwisho wake kuna jina, cheo na saini ya mtu mwenye mamlaka ya kuitisha, ambaye kwa kawaida hufanya hivyo kwa niaba ya bodi, pamoja na tarehe ya kutolewa.

Uzito wote uko katikati, kwenye ajenda. Mkutano mkuu wa mwaka una shughuli zinazojirudia: kufungua, kuthibitisha ajenda, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya bodi, taarifa ya Kamati ya Usimamizi, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, mgawanyo wa ziada, makisio ya mapato na matumizi, ukomo wa madeni, uchaguzi kama muda wa viongozi umekwisha, mengineyo, na kufunga. Mtu akiisoma kwa haraka ataona kwamba orodha imekamilika. Lakini kichwa cha shughuli hakimwambii mwanachama anaulizwa nini.

Ukomo wa madeni unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Huu ni ukubwa wa deni ambalo chama kinaweza kujitwisha, tuseme kwa kukopa benki ili nacho kiwakopeshe wanachama. Mkutano mkuu huuweka, kisha Mrajis huuidhinisha kabla chama hakijautumia. Ajenda inayosema "Ukomo wa madeni" ni sahihi kwa jina na haisaidii kitu. Ajenda inayosema "Kujadili na kuidhinisha ukomo wa madeni wa shilingi milioni 150 kwa mwaka 2026, kutoka shilingi milioni 60 za mwaka 2025" inamfanya mwanachama aketi wima. Sasa anajua kwamba deni linaweza kuzidi mara mbili, na anaweza kuamua kama hilo linamhusu kiasi cha kufunga duka lake pale Mwanjelwa kwa siku moja.

Mgawanyo wa ziada nao huzua dhana potofu. Wanachama wengi huusoma kama ahadi ya gawio, na viongozi wengine huutaja kwenye taarifa ili kuvuta watu. Bodi inapendekeza tu. Mkutano ndio unaoamua, baada ya hesabu zilizokaguliwa kupokelewa na baada ya akiba zinazotakiwa kisheria kutengwa. Taarifa iliyoandikwa vizuri husema "mapendekezo ya mgawanyo wa ziada". Hapa ndipo ukaguzi unapoigusa kalenda. Hesabu zisipokuwa zimekaguliwa, na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO, au na mkaguzi mwingine anayekubalika, mkutano hauna cha kupokea. Bodi yenye busara hupanga kwa kurudi nyuma: hukadiria siku ambayo hesabu zitatoka kwa mkaguzi, huongeza siku za kuchapa kabrasha, huongeza zile siku 21 na ziada yake, ndipo hutaja tarehe ya mkutano. Bodi nyingi hufanya kinyume. Hukodi ukumbi kwanza, kisha kila kilichochelewa hukata siku za taarifa.

Mengineyo

Kipengele hiki nakipa nafasi yake kwa kuwa ndicho kinachovunja vyama. Katika kazi yake halali, "mengineyo" ni mahali pa matangazo, pongezi, shukrani na maswali madogo: lini ofisi itafunguliwa Jumamosi, nani amefiwa, kwa nini vitabu vya akiba vinachelewa kujazwa. Tatizo huanza pale jambo zito linapofichwa humo, au linapoibuliwa ghafla saa kumi na moja jioni, wakati nusu ya watu wameshawahi magari ya mwisho.

Turudi kwenye chama chetu cha mfano. Tuseme mwaka mmoja, chini ya mengineyo, mjumbe wa bodi anasimama na kupendekeza kiwango cha chini cha hisa kwa kila mwanachama kipande kutoka hisa 20 hadi 50. Hisa moja ni shilingi 10,000, kwa hiyo kila mwanachama atatakiwa kuwa na shilingi 500,000 badala ya 200,000, na masharti yanasema asiyetimiza hisa za lazima hapewi mkopo. Ukumbini wamebaki watu 95, akidi bado ipo, wananyoosha mikono, linapita. Wiki iliyofuata mkulima wa Igurusi anakwenda kuomba mkopo wa mbolea na kuambiwa aongeze 300,000 kwanza.

Viongozi wana utetezi wa aina mbili. Watasema akidi ilikuwapo, na kwamba ajenda, pamoja na mengineyo yake, ilithibitishwa asubuhi bila pingamizi. Hoja zote mbili zinagonga mwamba mmoja: waliokuwapo hawawezi kuisamehe taarifa kwa niaba ya wasiokuwapo. Kuthibitisha ajenda ukumbini kunaruhusu kupanga upya mfuatano, au kuondoa jambo ambalo halijawa tayari. Hakuwezi kuingiza jambo linalogusa haki za mtu aliyebaki nyumbani kwa sababu karatasi haikumwambia lolote kuhusu hisa.

Kuna tatizo jingine ambalo wengi hawalioni. Ikiwa kiwango cha hisa kimeandikwa ndani ya masharti, kukipandisha ni kuyarekebisha masharti, na marekebisho ya masharti ya chama cha ushirika hayana nguvu mpaka yasajiliwe na Mrajis. Maombi hayo yanapopelekwa, anayeyapokea huwa na haki ya kuuliza wanachama waliitwaje na waliambiwa nini, na karatasi ya taarifa ndiyo jibu. Ikiwa haitaji hisa popote, chama kitarudi kuanza upya, na wakati huo ofisi itakuwa imeshawakatalia watu mikopo kwa kutumia kifungu ambacho hakijaanza kufanya kazi.

Taarifa ingekuwa halali kama ingeandikwa hivi:

"Kujadili na kuamua pendekezo la kurekebisha kifungu cha masharti kinachohusu hisa za lazima, ili kiwango cha chini kwa kila mwanachama kipande kutoka hisa 20 (shilingi 200,000) hadi hisa 50 (shilingi 500,000). Maneno kamili ya kifungu kilivyo sasa na kinavyopendekezwa yameambatishwa na yanapatikana katika ofisi ya chama na matawi yote."

Sentensi hizo zinakula mistari minne, na kuna katibu atakayelalamika kwamba taarifa haitoshi ukurasa mmoja. Basi ziwe kurasa mbili. Kipimo ninachokitumia mimi ni kumsomea jirani asiye mwanachama kila kipengele na kumwuliza, "Ukienda hapa, unaulizwa nini?" Akijibu "sijui, masuala ya hisa," kipengele hakijaandikwa bado.

Mwanachama naye anaweza kutaka jambo lake liingie. Njia yake si kungoja mengineyo. Ni kuliandika na kulifikisha kwa bodi ndani ya muda ambao masharti yameweka kabla taarifa haijatoka, ili liandikwe kwenye ajenda na wenzake walijue. Akishindwa kuwahi, na jambo lenyewe ni zito na lina wengi wanaoliunga mkono, masharti huwa na utaratibu wa idadi fulani ya wanachama kutaka mkutano mkuu maalumu, ambao nao hutolewa taarifa yake na hauzungumzii chochote nje ya jambo lililouitisha.

Ukiona taarifa ina kasoro

Wakati mzuri wa kulalamika ni kabla ya mkutano, maana kasoro bado inarekebishika kwa gharama ya karatasi na nauli. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa bodi, nakala kwa Kamati ya Usimamizi, utaje kifungu cha masharti, tarehe uliyoipata taarifa, njia iliyokufikia, na hesabu yako ya siku. Usiandike kwamba viongozi ni wezi. Unazungumzia kalenda, na kalenda haihitaji matusi. Bodi isipojibu, mpelekee Afisa Ushirika wa halmashauri nakala ya barua hiyo, na suala lisipoisha hapo lipelekwe kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa.

Ukiamua kuhudhuria licha ya kasoro, simama mapema, kabla ajenda haijathibitishwa, useme pingamizi lako na uombe liandikwe kwenye muhtasari. Aliyekaa kimya tangu asubuhi, akapiga kura kwenye kila jambo, kisha akakumbuka zile siku 21 baada ya kushindwa uchaguzi, huwa na kazi ngumu ya kueleza kwa nini hakusema. Na ile barua yako ya awali, ipeleke ofisini ikiwa na nakala mbili: moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na kutiwa tarehe, urudi nayo nyumbani.